Nilivyoinyoosha barua ya onyo la bima ya maisha

Kazi yangu ni kuhariri barua za kampuni ya bima kabla hazijamfikia mteja. Hii ya onyo la ada isiyolipwa ndiyo ninayoringia, ingawa hakuna mteja atakayenishukuru kwa barua ya deni.

Ile ya zamani ilisema: "Usipolipa ndani ya kipindi cha neema cha siku 30, mkataba wako utakoma kwa mujibu wa masharti, na unaweza kuhuishwa kwa kuzingatia taratibu za kampuni." Hakuna uongo humo, lakini ukimaliza kusoma hujui ufanye nini.

Siku 30 tangu lini? Chukua mteja ambaye ada yake ilitakiwa tarehe 1 Machi. Barua imeandikwa tarehe 14, imemfikia tarehe 18. Yeye anaanza kuhesabu siku aliyofungua bahasha, anajipa mpaka katikati ya Aprili. Mkataba unahesabu tangu siku ada ilipotakiwa, kwa hiyo mwisho wake ni tarehe 31 Machi. Nikafuta hesabu yote na kuandika tarehe yenyewe. Kompyuta inaijua, ya nini kumhesabisha mtu? Ila soma mkataba kwanza, kwa sababu si kila bima ina siku 30.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Mkubwa mmoja wa idara ya makusanyo alishikilia kwamba watu hawalipi kwa sababu barua ni laini mno. Basi tukampa alichotaka: ONYO LA MWISHO, wino mwekundu, herufi kubwa, na neno "kukoma" kwenye mstari wa kwanza. Simu zikaanza kuita kweli. Waliopiga hawakuuliza walipe wapi. Waliuliza watarudishiwa kiasi gani, kwani bima si imeshakufa? Mmoja alikuwa ameshaweka pesa ya ada kando, alipoisoma barua akaitumia kwa shughuli nyingine. Tuliwatisha watu waliokuwa bado na kinga kamili! Mkubwa akasema tatizo ni wasomaji.

Mimi nikatumia dawa yangu, ambayo gharama yake ni vocha ya simu tu. Nawapigia jamaa wasiojua bima, nawasomea barua mara moja, kisha nauliza: mwenye bima akifariki tarehe 25 Machi hajalipa, familia italipwa? Akifariki tarehe 5 Aprili je? Na akilipa tarehe 5 Aprili akafariki tarehe 6? Swali la kwanza kwa barua ya zamani karibu wote walijibu hapana. Jibu sahihi ni ndiyo: ndani ya muda ule kinga iko hai, na ada inayodaiwa hukatwa kwenye malipo ya familia. La pili ni hapana, hailipwi.

Swali la tatu ndilo lililonifurahisha, maana hata wenzangu ofisini walibishana. Watu hudhani ukituma pesa kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, bima imerudi. Hapana. Baada ya tarehe ya mwisho, kwa mkataba wetu, pesa hiyo inashikiliwa tu mpaka maombi yaamuliwe. Mteja anajaza fomu ya kuhuisha, analipa malimbikizo na riba, anatoa tamko la afya, pengine anatakiwa kupimwa. Kampuni inaweza kukataa. Ikikubali, kinga inaanza siku ya kukubali, si siku ya kulipa. Aliyeugua katikati lazima aseme, la sivyo dai litakuja kukataliwa baadaye.

Mwishowe ikawa hivi:

"Ada yako ya tarehe 1 Machi haijatufikia. Bima yako bado inafanya kazi mpaka mwisho wa tarehe 31 Machi. Ukifariki kabla ya hapo, familia italipwa, tukikata ada unayodaiwa. Pesa isipotufikia mpaka siku hiyo, kuanzia tarehe 1 Aprili huna kinga na hatutalipa dai la kifo kitakachotokea baada ya hapo. Kulipa tu hakutairudisha: utahitaji fomu, malimbikizo na riba, na tamko la afya, na utakuwa na kinga tena pale tu tutakapokuandikia kwamba tumekubali."

Angalia "isipotufikia". Mwanzo niliandika "usipolipa", kisha mwanasheria akauliza habari za aliyetuma saa tano usiku benki ikachelewesha. Huyo ndiye mshauri pekee niliyemsikiliza. Alitaka pia kifungu kizima kinakiliwe. Nikakipeleka nyuma ya karatasi.

Mikataba iliyokwisha kujijengea thamani ya fedha haipati barua hii. Baadhi hujilipia ada kwa mkopo unaodhaminiwa na thamani hiyo na bima haikomi hapo hapo, kwa hiyo nimeiandikia barua yake peke yake.