Barua ya shukrani baada ya usaili uliokatika

Jumamosi usiku

Nimekaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka mingi, na baruapepe za shukrani zinazoletwa baada ya usaili wa video huwa nazisoma zote. Za wale ambao mtandao uliwakatikia zinajulikana kuanzia mstari wa kwanza. Zinaanza na radhi, katikati zinarudia radhi, na mwisho zinaomba "mnielewe". Huwa zinaniuma, kwa sababu mara nyingi mwandishi alijibu vizuri na jopo limeshasahau lile tukio. Yeye ndiye anayelikumbusha, kisha barua inaisha bila kutupa kitu chochote cha kuongeza kwenye yale tuliyoyasikia.

Wiki hii jambo hili limeingia nyumbani. Mdogo wangu, anayefanya kazi Morogoro, alisailiwa kwa Zoom kwa nafasi ya afisa ugavi wa dawa katika shirika moja lenye ofisi Dar es Salaam. Jopo lilikuwa la watu watatu. Akiwa katikati ya swali la tatu umeme ukakatika nyumbani kwake. Kompyuta iliendelea kwa betri, lakini rauta ilizimika. Hapo ndipo mtu hudanganyika: uso wako unaganda kwenye skrini za wenzako, nawe kwa sekunde kadhaa unaendelea kuongea ukidhani unasikika. Alipogundua, akaunganisha kompyuta na data ya simu, akarudi. Mwenyekiti wa jopo akamwambia, "Tulikusikia hadi pale kwenye pakiti za watoto. Muda umebana, twende swali linalofuata."

Sentensi hiyo ya mwenyekiti ina thamani kubwa. Imeonyesha jibu lilikatika wapi. Asipoisema mwenyekiti, msailiwa aulize palepale anaporudi: "Samahani, mmenisikia hadi wapi?" Ni swali fupi, halimkeri mtu, na bila jibu lake barua ya kesho yake inaandikwa kwa kubahatisha.

Jioni akanipigia. "Shikamoo dada. Nimeandika shukrani, hebu ipitie kabla sijaituma."

Nikaisoma. Kichwa cha baruapepe kilikuwa "Kuomba radhi kwa tatizo la mtandao". Aya ya kwanza ilisimulia umeme, rauta na bando. Ya pili ilisema anajua amewapotezea muda na anatumaini hawatamhukumu kwa hilo. Shukrani zilikuja mwishoni, mstari mmoja. Swali la tatu halikutajwa kabisa.

Nilimuuliza, "Ile sehemu iliyokatika, ulikuwa unasema nini?"

Akaanza kuniambia, na hapo nikajua barua inapaswa kuwa na nini. Swali lilikuwa aeleze wakati ambapo hesabu ya leja haikulingana na dawa zilizopo stoo, na alifanya nini. Alichagua mfano wa ALu, dawa ya malaria. Inakuja kwa pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kufuatana na uzito wa mgonjwa, na mtu mzima hupewa 24. Kwenye zahanati moja aliyokuwa akiihudumia, pakiti za vidonge 6 zilikuwa zinakwisha haraka kuliko idadi ya watoto waliotibiwa. Jopo likasikia hadi hapo, yaani tatizo tu. Halikusikia kwamba alichukua rejesta ya wagonjwa akailinganisha na leja ya dawa siku kwa siku, akaona kuwa pakiti za watu wazima zilikuwa zimeisha na mtoa dawa alikuwa akiunganisha pakiti nne za watoto ili kupata vidonge 24. Wala halikusikia kwamba aliongeza safu kwenye leja ya kuandika pakiti zilizounganishwa, ili oda inayofuata iombe pakiti za watu wazima na watoto wasikose zao.

Jopo linalofanya kazi kwa utaratibu lina karatasi ya alama kwa kila swali. Kwa swali la namna hii tunatafuta tatizo lilikuwa nini, msailiwa mwenyewe alifanya nini, na nini kilibadilika. Karatasi ya mdogo wangu ilikuwa na kipande cha kwanza, vingine viwili vitupu. Radhi hata zikiwa kumi hazijazi nafasi hizo. Sentensi tatu nne za jibu lililobaki zinaweza kuzijaza.

Kwa hiyo tuliiandika upya. Niliacha aandike mwenyewe, mimi nikawa nauliza tu. Kichwa kikawa "Shukrani kwa usaili wa afisa ugavi". Akaituma kwa dada aliyempa kiungo cha usaili, maana wajumbe wa jopo hawakumpa anwani zao, na kuwatafuta mtandaoni kungeonekana kama kuwaandama. Mwili wa barua ulikuwa hivi:

"Habari za asubuhi. Naomba unifikishie shukrani zangu kwa jopo kwa mazungumzo ya jana. Nilifurahi hasa kusikia mnavyopanga kuanza kupeleka dawa moja kwa moja hadi zahanati, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea.

Asanteni pia kwa subira yenu umeme ulipokatika nikiwa kwenye swali la tatu. Mwenyekiti alinieleza kuwa nilisikika hadi pakiti za ALu za watoto, hivyo naona vema kumalizia nilipoishia. Nililinganisha rejesta ya wagonjwa na leja ya dawa, nikabaini kuwa pakiti nne za vidonge 6 zilikuwa zikiunganishwa kumpa mtu mzima baada ya pakiti za vidonge 24 kuisha. Tuliongeza safu kwenye leja ya kuonyesha pakiti zilizounganishwa, na oda iliyofuata ikaandikwa kwa kuzingatia wagonjwa halisi wa kila kundi la uzito.

Nipo tayari kufafanua zaidi kwa simu wakati wowote utakaowafaa."

Hakuna neno radhi ndani yake. Hilo lilimtia wasiwasi. "Dada, hawataniona sina adabu?" Nikamwambia adabu ipo kwenye kuwashukuru kwa subira, maana unatambua kwamba walisubiri. Tena aliomba samahani kwa sauti palepale aliporudi hewani, wakamjibu hakuna shida. Radhi iliyokwisha pokelewa, ukiirudisha kwa maandishi, unamlazimisha mwenzako akusamehe mara ya pili, na anayesoma anaanza kujiuliza kama tukio lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Kama hukupata nafasi ya kuomba samahani siku ile, kwa mfano simu ilikatika moja kwa moja na usaili ukaishia hapo, basi iandike mara moja, kwa maneno machache, uendelee.

Tulibishana kidogo juu ya chanzo. Yeye alitaka kueleza kirefu ili wajue hakuzembea. Mimi naona maneno mawili yanatosha: umeme ulikatika. Kama hujui chanzo, usibuni. Andika tu "mawasiliano yalipokatika". Watu wengi huandika "mtandao wangu" hata pale ambapo shida haikuwa kwao, na kuna dalili za kukusaidia kukisia. Wote wakikuganda kwa pamoja, yaelekea ni upande wako. Akiganda mmoja huku wengine wakisogea vizuri, huenda ni yeye. Ukiwaona na kuwasikia bila shida lakini wao wanasema sauti yako inakatakata, mara nyingi ni kasi yako ya kupakia ndiyo imeshuka. Hata ikiwa ni upande wao, barua haina haja ya kusema hivyo. Usijitwike tu kosa ambalo si lako.

Mdogo wangu alikuwa na jambo jingine la kueleza, kwamba aliporudi alizima kamera. Alifanya vizuri. Mwongozo wa Zoom unasema video ya ubora wa juu ya watu wawili inahitaji kama kilobiti 600 kwa sekunde, wakati sauti peke yake inatosheka na 60 hadi 80. Data dhaifu ya simu inayoshindwa kubeba uso wako inaweza kubeba maneno yako. Lakini alikuwa amewaambia palepale, "Nazima kamera ili mnisikie vizuri," kwa hiyo hatukuliweka kwenye barua. Angekuwa amezima kimya, ningemshauri aongeze nusu sentensi, kwa sababu jopo likiona skrini nyeusi bila maelezo huwaza mengi.

Aliongeza pia mstari wa kuahidi kwamba tatizo halitatokea tena. Tuliufuta. Hana mamlaka juu ya umeme wa Morogoro. Ingekuwa kazi ya kufanyia nyumbani, angeandika kitu anachoweza kukitekeleza, kwamba ana laini ya pili yenye data na betri ya kuwasha rauta. Hii ni kazi ya kutembelea zahanati, na hakuna atakayemuuliza habari za rauta.

Nilimweleza pia mipaka, nisije nikampa matumaini ya bure. Kuna taasisi ambazo alama hufungwa siku ileile na chochote kinachokuja baadaye hakiingii, ili wasailiwa wote wapimwe kwa kile walichosema chumbani. Huko barua itapokelewa kwa heshima na alama zitabaki vilevile. Ndiyo maana nilimkataza kuboresha jibu. Alitaka kuchomeka mfano wa pili, wa jokofu la chanjo, ambao ulimjia akilini baada ya usaili. Kumalizia kilichokatika ni haki yake, na mwenyekiti mwenye kumbukumbu atakitambua. Kuongeza kipya ni kujipa muda ambao wenzake hawakupewa, na mimi nikiwa mezani pale ningekipita bila kukisoma.

Na kama kukatika kwenyewe kulikuwa kwa sekunde chache, ukarudia sentensi yako na mazungumzo yakaendelea, usiliguse kabisa. Andika shukrani za kawaida, taja jambo moja mlilozungumza, funga. Nimesoma barua za watu waliohangaika na mkwamo wa sekunde tano ambao hakuna aliyeuandika kwenye karatasi yake.

Aliituma asubuhi ya siku iliyofuata, kabla ya saa nne. Mchana dada yule akajibu kwamba ameipokea na ameipeleka kwa jopo. Majibu ya usaili wamesema yatatoka baada ya wiki mbili.