Shilingi 1,700

Mei 2020 kafyu ilianza saa moja jioni, kwa hiyo kufikia saa kumi na moja unusu vijana wa boda walikuwa wamerudi dukani, Luthuli Avenue, kufunga hesabu. Yule wa Eastlands alinikabidhi noti, tukasoma pamoja meseji za M-Pesa kwenye simu ya tili. Asubuhi alikuwa ametia sahihi mizigo 14. Sasa malipo yalikuwa 14, lakini orodha ilidai 31,400 nami nilikuwa na 29,700.

Hapo hapo simu ikalia. Mama wa Pipeline akauliza blenda yake iko wapi.

Bei ya blenda ilikuwa 4,200. Katika meseji kulikuwa na 2,500 ambayo haikulingana na mstari wowote. Toa moja kwa nyingine, unabaki na 1,700 kamili. Nilijiona hodari wa hesabu. Nikamwambia ameiuza blenda njiani, amelipa nusunusu, na nitamkata.

"Madam, mimi sikubebeshwa blenda."

"Na sahihi hii ni ya nani?"

Akanyamaza. Saa kumi na mbili na robo, na kwake ni Kayole.

Kilichomwokoa ni jina. Meseji ya tili hutaja aliyelipa, nami nilikuwa nimeangalia pesa tu. Nilipolisoma nikalikumbuka: mteja wa Buruburu aliyezima simu siku iliyotangulia, pasi yake ikarudi. Pasi ilikuwa 2,500. Mimi mwenyewe nilimruhusu kijana alale nayo kwenye sanduku la pikipiki, ili asiibebe mara mbili. Asubuhi nikaandika orodha mpya ya mizigo 14 bila pasi, kisha nikahesabu vilivyomo sandukuni: 14. Idadi zikaafikiana, nikampa kalamu. Kumbe mle mlikuwa na vipya 13 na pasi ya jana.

Nikaenda nyuma ya meza ya kufungashia. Blenda ilikuwa imesimama ukutani, lebo ya Pipeline ikinitazama.

Nilimwomba radhi, lakini mtu anayewahi kafyu hana nafasi ya kusikiliza radhi. Aliondoka bila kuaga. Mama wa Pipeline nilimpigia nikamweleza kosa ni la duka. Alikasirika kidogo, akakubali kungoja kesho.

Usiku huo nilichora daftari upya: kila mzigo na namba yake, na namba hiyo hiyo kwenye lebo kwa kalamu nene. Sahihi ikawa ya kila mstari, si ya jumla. Mzigo uliorudi ulale dukani, na kesho yake uandikwe upya kama mgeni.

Asubuhi kijana hakuniamkia. Alisoma namba moja moja kwa sauti, akitia sahihi polepole, hata wenzake nyuma yake wakaanza kuguna. Alipofika kwenye blenda akaiinua juu wote waione.

"Hii ndiyo niliyoiuza jana," akasema, akaisaini.