Siku yangu Malaba na kompresa isiyozima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia hata chai sijamimina. Ni mzee wa matairi wa pale barabarani, upande wetu wa Uganda, karibu na foleni ya matrela. "Fundi, kompresa inanguruma tangu saa kumi na moja na haijazima hata mara moja, nina trela hapa, dereva ananitukana." Nikamuuliza geji inasoma ngapi. Akasema baa tano na nusu na imekataa kupanda. Sasa tairi la trela linataka karibu nane, kwa tano na nusu atajaza mipira ya watoto tu.

Nikachukua begi, nikanunua chapati mbili za kula njiani.

Saa moja na robo nimefika. Kompresa ni ile ya mkanda, tangi lita 200, silinda mbili za umbo la V, mota ya hosipawa tatu. Imewekwa izime ikifika baa 10 na iwake tena ikishuka 7. Mzee ashaamua ugonjwa ni nini, manake kuna fundi alipita wiki jana akamwambia chekivalvu imekufa, anunue mpya basi. Chekivalvu ni ile valvu iko pale paipu ya kutoka hedi ya pampu inaingia kwenye tangi, kazi yake ni kuruhusu hewa iingie na isirudi. Nikamwambia mzee shikamoo kwanza, alafu hiyo chekivalvu inaweza kuwa imekufa kweli lakini sio inayokuzuia kufika baa 10. Akanitazama kama mtu ninayetafuta hela.

Fikiria tu. Pampu ikiwa inasukuma, hewa inaenda upande mmoja, kuelekea tangi. Valvu ya kuzuia kurudi hata ikiwa imeliwa, wakati huo hakuna kitu kinataka kurudi kwa nguvu. Ubaya wake utauona mota ikizima, hewa ya tangi inarudi nyuma. Kwa hiyo chekivalvu mbovu peke yake inafanya kompresa iwake-wake bila mtu kutumia hewa na mota ipate shida kuanza. Kujaa polepole ni kesi ya mtu mwingine.

Saa mbili kasoro nikaanza kupima kabla ya kugusa spana. Watu wengi hapa wanaruka hii, wanafungua kwanza alafu wanafikiria. Nikafunga bomba la kutoka, nikamwaga hewa mpaka geji ikashuka chini ya mbili, nikawasha na saa ya simu mkononi. Kutoka baa 2 mpaka baa 4 ilichukua dakika nne na sekunde hamsini. Hesabu ni rahisi, lita 200 mara baa 2 zilizoongezeka ni lita 400 za hewa ya kawaida, gawa kwa dakika, unapata kama lita 83 kwa dakika. Kibao cha kompresa kinasema 360, lakini hiyo ya kibao ni ile pistoni inafagia, hewa inayofika tangini kwa mashine nzima ya aina hii huwa kama theluthi mbili, tuseme 240 hivi. Kwa hiyo ilitakiwa imalize kazi ile kwa dakika moja na sekunde arobaini. Sisi tumepoteza zaidi ya nusu ya hewa, iko wapi?

Nikainama nikasikiliza. Pembeni ya swichi ya presha kuna kapaipu kembamba ka kopa kanatoka kwenye chekivalvu, kanaingia kwa kidude kidogo chenye pini, hiyo ndiyo anloda. Mota ikizima, swichi inasukuma ile pini, hewa iliyobaki kwenye paipu ya juu ya pampu inatoka pshhh sekunde mbili tatu, ili mota ikianza tena isianze na mzigo. Mota ikiwaka pini inatakiwa ifunge kimya kabisa. Hapa mota inazunguka na anloda inapuliza kama mtu anayepoza uji. Nikapaka povu la sabuni, likaruka likanipiga usoni, vijana wakacheka sana.

Alafu nikazima kwa kile kirungu cha swichi, sio kwa soketi. Ukizima kwa ukuta, anloda haifunguki, hewa inabaki imefungiwa, mota ikirudi kuwaka inanguruma tu na kupiga breka chini, na hapo mtu anasema stima ni mbovu. Baada ya kuzima, ile pshhh haikuisha. Ikaendelea na kuendelea. Geji ikashuka kutoka 5 hadi 4 kwa dakika nane, yaani lita 25 kila dakika zinarudi zenyewe. Hiyo sasa ndiyo chekivalvu. Mzee akasema "si nilikuambia!" Nikamwambia ndio mzee, na wewe uko sawa, lakini sikiliza ni lini inalia. Ikilia mota ikizunguka ni anloda, ikilia bila kukoma mota ikiwa imezima ni chekivalvu, hapa tuko nazo mbili.

Kijana mmoja akapendekeza tukunje kapaipu kwa plaisi, kelele iishe. Kumbe washawahi kufanya hivyo kwa ile kompresa ya zamani, na kapasita ya mota ikaungua siku ya tatu. Ndiyo hivyo, ukiziba anloda mota inaanza na hewa kifuani.

Saa tatu. Nikafungua valvu ya chini ya tangi, hewa yote ikatoka, nikangoja sindano ya geji ilale kabisa kwenye sifuri. Chekivalvu haifunguliwi na hata nusu baa tangini, inaweza kukuruka kama risasi. Maji yaliyotoka chini yalikuwa ya kahawia na juu yake oili inang'aa kama supu ya kwato. Hapo ndipo niliposimama kidogo. Oili tangini inatoka wapi?

Chekivalvu nikaitoa, kile kidiski cha mpira ndani kilikuwa kigumu kama kifungo cha shati, nusu imemeguka, na pale kinapokaa kuna masizi meusi. Kwenye anloda nikatoa pini na chini yake nikapata kamegu ka mpira uleule na chembe za kutu. Yaani chekivalvu ilipoanza kuvuja, kila mota ikizima hewa ya tangi inarudi nyuma na takataka zake, inapita kwenye kapaipu, uchafu unakwama chini ya pini na pini haifungi tena. Chekivalvu ndiyo iliua anloda. Lakini nani aliua chekivalvu? Masizi ni oili iliyopikwa, na oili inapanda juu kwa sababu ringi za pistoni zimeisha.

Anloda nikaisafisha ikarudi vizuri, kikaringi chake ka mpira nikabadilisha ninako kwenye begi. Chekivalvu nikamtuma boda Tororo na ile ya zamani mkononi, maana nyuzi zikitofautiana hata kidogo umerudi sifuri.

Saa sita kasoro boda karudi, nikafunga kwa tepu nyeupe, nikapima tena. Kimya mota ikizunguka, pshhh fupi ikizima, raha. Baa 2 mpaka 4: dakika mbili na sekunde hamsini. Lita kama 141. Mzee anataka nimalize hapo, inafika 7 na kitu anaweza kujaza. Nikatoa kifuniko cha pale pa kumwagia oili, mota inazunguka, nikaweka kiganja. Moshi mwembamba unapiga mkono puf puf kwa kila kiharusi. Hewa inapita pembeni ya pistoni inaingia kwa kranki. Nikamwambia nikiacha hivi, hiyo chekivalvu mpya miezi michache utaniita tena kwa masizi yaleyale. Akakubali kwa kununa, tukala wali na maharagwe kwanza.

Saa saba na nusu hedi iko chini. Vile vibamba vya valvu vilikuwa na masizi lakini havijavunjika, nikavisafisha, nikamwagia mafuta ya taa juu nione kama yanapenya, hayakupenya. Alafu ringi. Unatoa ringi kwenye pistoni, unaiingiza peke yake ndani ya silinda, unaisukuma na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, unapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Silinda ya milimita 65 kama hii, ringi mpya inataka mwanya kama 0.2 hadi 0.3. Ya silinda ya kushoto ilinipa 1.2, ya kulia 0.9. Filta ya kuvuta hewa ilikuwa imetolewa sifongo, mtu alitoa "ili ivute vizuri", na hapa vumbi la matrela unalijua. Vumbi na oili ni msasa, ringi zinaliwa bila kelele.

Bahati silinda zenyewe hazikuwa na mikwaruzo ya kushika kucha, kama zingekuwa nayo ringi mpya ni kutupa hela. Nikasugua kwa msasa mwembamba kwa mshazari, sio juu chini, nikaosha kwa maji ya sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, nikapaka oili. Ringi mpya boda alikuja nazo safari ya pili, nikazungusha zile nafasi za ncha zisikae mstari mmoja, zenye alama zikatazama juu.

Saa kumi nikawasha mota, bomba la chini la tangi likiwa wazi kabisa, izunguke bila presha nusu saa ringi zijipange. Dereva wa trela alishapata hewa kwa jirani, kaondoka zamani. Nikakata sifongo nikaweka kwenye filta.

Saa kumi na moja kasoro nikafunga bomba. Baa 2 mpaka 4 kwa dakika moja na sekunde hamsini, lita 218 hivi. Ikapanda sita, nane, tisa, pale tisa ikasuasua kidogo kama kawaida yake, ikafika kumi, tak, ikazima. Pshhh. Mzee akaniuliza mbona imenyamaza, imeharibika tena? Wote tukacheka, hata yeye mwenyewe.

Tukavutana bei ya kazi mpaka saa kumi na mbili, akanipa sehemu na nyingine kesho. Afadhali, maana lazima nirudi asubuhi ikiwa baridi nikaze boliti za hedi mara ya pili na nimwage ile oili ya kwanza.