Kumbukumbu ya duka langu la viungo: kutafuta kiwango cha usafiri bure

Oktoba, tarehe 2

Duka langu la mtandaoni linauza iliki, karafuu, mdalasini na mchanganyiko wa pilau ninaosaga mwenyewe hapa Sinza. Hadi mwisho wa Septemba kila mteja wa Dar es Salaam alikuwa analipa usafiri wa shilingi 5,000, na hiyo 5,000 naikabidhi yote kwa bodaboda. Wengi wanajaza kikapu, wanafika kwenye ukurasa wa kulipa, wanaiona ile 5,000, wanaondoka. Leo nimeweka usafiri bure kwa oda ya kuanzia 25,000. Namba hiyo nimeichagua kwa sababu maduka mengi ninayoyaona yanatumia kiasi kama hicho. Hesabu sijafanya.

Novemba, tarehe 1

Mauzo yamepanda, na mwezi mzima nilikuwa na furaha. Septemba nilipata oda 120 za mauzo ya 3,720,000. Oktoba oda 146, mauzo 4,380,000. Jana usiku nikakaa na daftari.

Faida yangu ghafi, yaani kinachobaki baada ya kutoa gharama ya viungo, vifungashio na makato ya malipo ya simu, ni asilimia 40. Septemba ilinibakizia 1,488,000. Oktoba ilikuwa 1,752,000, lakini oda 97 zilienda bure, na kila moja nilimlipa bodaboda 5,000. Hiyo ni 485,000. Nimebaki na 1,267,000. Nimefunga mizigo 26 zaidi ya Septemba, nimekuwa nikilala saa sita usiku, na mfukoni kuna upungufu wa 221,000.

Nimeumia, lakini sasa naelewa kilichotokea. Mteja aliyekuwa ananunua wa 22,000 ameongeza kapakiti ka mdalasini ka 3,000 ili afike 25,000. Katika hiyo 3,000 mimi napata 1,200. Halafu natoa 5,000 ya bodaboda.

Novemba, tarehe 2

Hesabu niliyopaswa kuanza nayo ni fupi: gharama ya usafiri gawanya kwa faida ghafi. 5,000 gawanya kwa 0.4 ni 12,500. Maana yake oda lazima ikue kwa 12,500 ndipo usafiri ujilipe, na hapo bado sijapata hata shilingi moja ya ziada. Oda iliyokua chini ya hapo imenipunguzia.

Kosa la pili nililokaribia kulifanya ni kuanzia kwenye wastani. Wastani wa Septemba ni 31,000, lakini wateja wa 31,000 ni wachache sana. Wastani umevutwa juu na mama lishe kadhaa wanaonunua kwa 150,000 kwa mpigo. Nilipozipanga oda zote 120 kutoka ndogo hadi kubwa, zile za katikati kabisa zilikuwa za 22,000. Huyo ndiye mteja ninayetaka aongeze kitu, kwa hiyo hesabu inaanzia kwake.

Nikajaribu 40,000 kwenye karatasi. Mteja wa 22,000 ananipa faida ya 8,800. Akipanda hadi 40,000 ananipa 16,000, natoa 5,000, inabaki 11,000. Nimeongeza 2,200. Hapo nilitabasamu, kisha nikakumbuka wale ambao tayari wananunua zaidi ya 40,000. Septemba walikuwa 18, na wote walilipa usafiri wao bila kulalamika. Sasa nawalipia mimi: 18 mara 5,000 ni 90,000. Ili kuifidia hiyo 90,000 kwa 2,200 moja moja nahitaji wateja 41 wapande kutoka 22,000 hadi 40,000. Kati ya oda 102 zilizobaki! Siamini watatokea.

Kupandisha hadi 60,000 nako hakusaidii. Anayenunua wa 22,000 akiambiwa bado 38,000 hataangalia hata ukurasa wa pili.

Novemba, tarehe 4

Jibu limetoka kwa dereva wangu wa bodaboda. Amekuja kuchukua mzigo wa Kawe, akaona mingine miwili ya huko huko inasubiri, akaniuliza: "Dada, hawa si ningewapelekea kwa safari moja?"

Tumekubaliana hivi. Jumanne anaenda upande wa Mwenge, Kawe, Mbezi Beach hadi Tegeta. Ijumaa anaenda Tabata, Segerea na Ukonga. Safari moja 14,000, mizigo yoyote itakayokuwepo. Ikiwa mitano, kila mmoja unanigharimu 2,800. Usafiri bure utakuwa wa siku hizo mbili tu, na anayetaka mzigo leo atalipa 5,000 kama zamani, hata akinunua wa laki.

Hesabu imebadilika kabisa. 2,800 gawanya kwa 0.4 ni 7,000. Mteja anayepanda kutoka 22,000 hadi 40,000 sasa ananiongezea 4,400. Wale 18 wakubwa wananigharimu 50,400, na wateja 12 wakipanda nimeifidia. Kumi na wawili nawaona wazi.

Hatari ipo kwenye safari yenye mizigo michache. Ikiwa miwili tu, kila mmoja umenigharimu 7,000, afadhali ningetuma mmoja mmoja. Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi jioni nahesabu mizigo kabla ya kumpigia dereva.

Novemba, tarehe 5

Nimepanga kwenye WooCommerce, programu inayoendesha duka langu la mtandaoni. Katika eneo la Dar es Salaam nimeweka `Free shipping`, na kwenye `Minimum order amount` nimeandika 40000. Kuna kisanduku kimoja cha kuangalia kwa makini: `Apply minimum order rule before coupon discount`. Kikiwekewa alama, kiwango kinapimwa kabla ya punguzo, na mteja mwenye kuponi ya asilimia 20 anapata usafiri bure ilhali amelipa 32,000. Nimekiacha bila alama.

Kisha nikatazama pengo. Mteja akifika 31,000 anahitaji kitu cha 9,000, na dukani nilikuwa na vya 3,000 kushuka na vya 20,000 kupanda tu, katikati hakuna. Nimefungasha iliki ya gramu 100 kwa 9,000 na kuiweka kwenye ukurasa wa kikapu, pamoja na maneno yanayomwambia kiasi kilichobaki.

Desemba, tarehe 1

Oda 128, mauzo 4,544,000, faida ghafi 1,817,600. Oda 43 zilikwenda bure kwa safari nane, jumla 112,000. Nimebaki na 1,705,600. Ni 217,600 zaidi ya Septemba, kwa mizigo 18 michache kuliko Oktoba.

Kinachonipa imani zaidi ni mahali oda zilipojikusanya. Septemba kati ya 40,000 na 43,000 zilikuwepo tatu. Novemba zimekuwa 19. Hao ni watu waliotafuta kitu cha kujazia, na wengi wao wamechukua ile iliki.

Desemba, tarehe 3

Wateja wanaomba niweke mchele wa Kyela. Nilikuwa tayari kuagiza, ila faida yangu kwenye mchele ingekuwa asilimia 12. Mtu mwenye viungo vya 22,000 akijazia mchele wa 18,000, nimepata 2,160, chini ya 2,800 ya safari. Kikapu cha WooCommerce hakitofautishi mchele na karafuu, kinajumlisha tu. Mchele hautaingia dukani kwa sasa.

Wa Mwanza na Mbeya nao wameuliza kwa nini usafiri bure hauwahusu. Mzigo wa basi pamoja na kuufikisha stendi unanigharimu 10,000, kwa hiyo oda yao ingelazimika kukua kwa 25,000 kabla sijapata chochote. Wataendelea kulipia, na nimewaandikia mmoja mmoja kuwaeleza sababu.