Nilivyohesabu elektroni za ziada katika tone la mafuta

Katika maabara ya chuo nilifanya jaribio la aina ile aliyoifanya mwanafizikia Robert Millikan kule Chicago kupima chaji ya elektroni, nikiwa na mabamba mawili ya metali yaliyolazwa sambamba, moja juu ya jingine, yakiachana kwa milimita 6. Nilinyunyiza mafuta juu ya tundu la bamba la juu, kisha nikachungulia kwa hadubini na kuchagua tone linaloshuka polepole. Tone zito huhitaji chaji nyingi ili lishikiliwe, na kutofautisha elektroni 20 na 21 ni kugumu kuliko kutofautisha 3 na 4.

Bamba la juu likiwa chanya, nilipandisha volti mpaka tone likasimama kwenye 200 V. Halikutulia kabisa, kwa kuwa molekuli za hewa hulitikisa, kwa hiyo nililitazama kwa muda ili kuhakikisha kwamba halipandi wala halishuki. Hapo kani ya umeme inalingana na uzito wa tone, W, baada ya kutoa msukumo mdogo wa hewa unaoliinua: qV/d = W, yaani q = Wd/V, ambapo q ni chaji ya tone, V ni volti na d ni umbali kati ya mabamba.

Uzito huo haupimiki kwa mizani. Nilizima umeme, nikapima muda wa kushuka milimita 1, na wastani ukawa sekunde 14.8. Kwa kanuni ya Stokes, inayohusisha kasi ya kushuka na ukubwa wa tone, nikitumia mnato wa hewa wa 1.81×10⁻⁵ Pa s na densiti ya mafuta ya 880 kg/m³, nilipata nusu kipenyo cha mikromita 0.80 na W ya 1.84×10⁻¹⁴ N. Chaji ikawa 5.5×10⁻¹⁹ C, ambayo ukiigawanya kwa chaji ya elektroni moja, 1.602×10⁻¹⁹ C, unapata 3.45. Jibu hilo halikubaliki, maana hakuna nusu ya elektroni.

Chanzo ni kwamba kanuni ya Stokes huichukulia hewa kama kitu kisicho na mapengo, ilhali kwa tone dogo kiasi hiki umbali ambao molekuli husafiri kabla ya kugongana si wa kupuuzwa. Tone hushuka haraka kuliko kanuni inavyotabiri, na hivyo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Baada ya kuweka sahihisho la Cunningham, nusu kipenyo kilipungua hadi mikromita 0.76 na W ikawa 1.58×10⁻¹⁴ N. Chaji ilitoka 4.74×10⁻¹⁹ C, sawa na elektroni 2.96, yaani 3 za ziada.

Uthibitisho ulioniridhisha zaidi ulitoka kwa tone lenyewe. Niliporudisha 200 V, baada ya muda lilianza kupanda ghafla, ishara kwamba limenasa chaji hasi kutoka hewani, na likasimama tena nilipopunguza volti hadi 150. Kwa kuwa uzito haukubadilika, chaji mpya kwa ile ya awali ni 200 kwa 150, yaani 4 kwa 3, na uwiano huo hauhitaji kujua mnato wala nusu kipenyo.