Maseno: Matofali, Herufi na Kikao cha Lundha

Niliondoka Kisumu asubuhi kwa matatu iendayo Busia, nikashuka Maseno, karibu na alama inayoonyesha mahali Ikweta inapokatiza barabara. Abiria wengine waliendelea na safari zao bila kuitupia jicho alama ile, nami pia sikukaa nayo sana, kwa kuwa nilikuwa nimefuata shule iliyoanzishwa hapa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1906, chini ya J. J. Willis, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Uganda.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wana wa machifu, na uteuzi huo haukuwa wa bahati. Wamisionari walihitaji ulinzi wa machifu, nayo serikali ya kikoloni ilihitaji warithi wenye kujua kusoma amri na kuandika hesabu za kodi. Mzee mmoja niliyemkuta amepumzika chini ya mti nje ya lango alinieleza jambo ambalo kumbukumbu za maandishi hazilisemi wazi hivyo. "Mjukuu wangu," alisema, "zamani hukuulizwa kama wewe ni Mkristo. Uliulizwa kama wewe ni jasomo." Neno hilo la Kijaluo maana yake ni msomaji, na lilimtaja mwanafunzi na mwongofu kwa pamoja. Aliyetaka kubatizwa alipitia darasa la kusoma, na aliyetaka kusoma hakuwa na darasa jingine la kwenda ila la misheni. Kwa hiyo ni vigumu leo kusema nani alivutwa na Injili na nani alivutwa na herufi, na nadhani wengi wao wenyewe hawakuona haja ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Walichokitenganisha ni herufi na jembe. Ratiba ya Maseno iliweka Biblia, kusoma, kuandika na hesabu upande mmoja, na upande wa pili useremala, ufyatuaji wa matofali na kazi nyingine za mikono. Wamisionari waliamini kwamba kazi hizo hujenga tabia; ni kweli pia kwamba matofali hayo yalihitajika kujengea misheni yenyewe. Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya shule kufunguliwa, wanafunzi waligoma wakidai wapunguziwe kazi za mikono na waongezewe masomo. Mimi huuona mgomo huo kuwa hoja ya kisiasa iliyokamilika, ingawa waliogoma walikuwa vijana: walikuwa wamekwisha kutambua ni sehemu gani ya ratiba iliyobeba nguvu za Mzungu. Miaka miwili baadaye John Owalo, aliyekuwa amepitia Ukatoliki na kanisa la Waskoti kabla ya kuingia CMS, aliasisi kanisa lake mwenyewe, Nomiya Luo Mission.

Alasiri nilipanda bodaboda kuelekea Gem, hadi Lundha. Hapa, tarehe 23 Desemba 1921, ulifanyika mkutano mkubwa uliozaa chama cha Young Kavirondo Association, ambacho watu walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwenyekiti wake, Jonathan Okwiri, alikuwa mwalimu aliyetoka Maseno, na katibu wake alikuwa Benjamin Owuor Gumbo. Malalamiko yao yaliandikwa kwa utaratibu: himaya kugeuzwa koloni mwaka 1920, kipande, yaani kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba, kodi ya nyumba, na hofu ya kupoteza ardhi. Dai lililonisimamisha zaidi ni lile la kutaka serikali ijenge shule yake Nyanza. Watoto wa misheni walikuwa wakiomba elimu isiyopitia mlango wa misheni.

Julai 1922 Gavana Northey alikuja kuwasikiliza Nyahera, lakini hadhi ya koloni haikubadilishwa. Mwaka uliofuata Ashidikoni Owen wa CMS alikichukua chama hicho na kukipa sura mpya, Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, ambamo wanachama waliahidi kuua panya na kuchimba vyoo. Owen hakuwa kibaraka wa serikali, kwani aliwatetea Waafrika hata walowezi wakamchukia. Hata hivyo, suala la ardhi na la panya si suala moja, na waliokuwa wameandika la kwanza walijua kwamba wamekabidhiwa la pili.

Maseno iliendelea kutoa watu wa aina hiyo. Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alisoma hapo, akarudi kufundisha, kisha akakataa watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kizungu, akishikilia majina ya Kijaluo. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Adonija, jina ambalo hatimaye aliliacha.

Jua lilikuwa linazama niliporudi barabarani. Wanafunzi waliovaa sare walikuwa wakivuka kuelekea mabwenini wamekumbatia vitabu, na mmoja alikuwa na jembe begani.