Sawa, Endelea

Jana jioni binti yangu alifungua kindoo cha asali ambacho shangazi yake alituletea kutoka Tabora, na mfuniko ukatoa mlio mfupi kama wa soda inayofunguliwa. Akanisogezea puani na kuniuliza kama asali nayo huoza. Sikumjibu papo hapo. Harufu ile ya uchachu, yenye utamu mwanzoni na kitu kinachokaribia pombe mwishoni, ilikuwa imekwisha kunirudisha kwenye ghala letu, mwaka ule ambao Meneja alituaga siku ya Jumatatu kwamba anakwenda Dar es Salaam kwa siku mbili, asirudi hadi siku ya kumi na moja.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu nikianza kusimulia ninaweza kusahau. Alikuwa mpole, hakupata kumpigia mtu kelele, na ukifiwa alifika msibani kabla ya ndugu zako. Tatizo lake lilikuwa moja. Ukimpelekea jambo lenye njia mbili alikusikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa taratibu na kusema, "Ni kweli kabisa." Akiingia mwenzako mwenye njia ya pili, naye aliambiwa ni kweli kabisa. Jambo likikaribia mahali ambapo lazima mmoja wenu akataliwe, Meneja alipata safari.

Safari ile alituachia ndoo 130 za asali ghalani. Ndoo ya lita 20 hubeba takriban kilo 28 za asali, kwa maana asali ni nzito kuliko maji. Ndoo 90 zilikuwa na asali kavu, yenye unyevu wa asilimia 17.5, na hizo zilitosha kabisa kwa mteja wa Dar es Salaam aliyekuwa ameagiza tani mbili na nusu kwa sharti kwamba unyevu usizidi asilimia 19. Ndoo 40 zilizobaki zilikuwa na asilimia 22. Zilitoka kwa warina waliowahi kurina kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, na asali ya namna hiyo huwa bado ina maji ambayo nyuki hawajamaliza kuyapunguza. Ikipita asilimia 20, hamira za asili zilizomo humo huamka, na kuanzia hapo unahesabu siku tu.

Dada yetu wa ubora alikuwa na hesabu yake. Aliweka tone la asali kwenye kioo cha kipima unyevu, ambacho sote tulikiita kidarubini, akakielekeza dirishani na kusoma pale rangi ya bluu inapokutana na nyeupe. Kisha akatuandikia kwenye karatasi: ndoo zote 130 zikichanganywa kwenye tangi kubwa, kwa joto dogo lisilofika nyuzi 40, wastani unakuwa asilimia 18.9. Mteja angepata tani zake, na sisi tungebakiwa na ndoo 40 za asali salama badala ya ndoo 40 za matatizo. Lakini ilikuwa lazima kazi ianze wiki ileile, kwa sababu asali ikishaanza kuchachuka huiokoi kwa kuichanganya na nzuri. Unaiambukiza ile nzuri.

Bwana wa mauzo aliiona hesabu hiyo kuwa kamari. Kati ya 18.9 na 19 palikuwa na nafasi ya unywele, na kidarubini chetu kilikuwa cha zamani. Yeye alitaka ndoo 90 kavu zipakiwe kwenye Fuso kama zilivyo na ziondoke, halafu hizo 40 zijadiliwe baadaye. Mnunuzi wetu naye hakutaka kusikia habari za tangi wala za Dar es Salaam. Warina wa upande wa Ipole, kusini ukishapita Sikonge, walikuwa wamekwisha kujaza ndoo tulizowapa, na aliwaahidi kwa kinywa chake kwamba gari na fedha vingefika wiki hiyo. Fuso lilikuwa moja, na fedha alizokuwa nazo mhasibu zilitosha safari moja tu mpaka Meneja atie saini hundi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ieleweke kwamba hakuna aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa asilimia zake. Palihitajika mtu mmoja wa kusema tunafanya hili, na lile tunakubali kulipoteza.

Sasa niwapeleke kwenye asubuhi ya Ijumaa, ambayo ndiyo hasa iliyonirudia jana.

Tulikuwa ofisini, chumba kile chenye dirisha linalotazama mwembe, na bwana wa mauzo alikuwa akimwambia dada wa ubora kwamba ameruhusiwa kupakia. Dada akamjibu kwamba haiwezekani, maana yeye ndiye aliyeruhusiwa kuchanganya. Mnunuzi akasimama na kuwaita wote wawili waongo, kwa sababu gari alipewa yeye. Wakatazamana. Kisha dada, bila kusema neno, akaiweka simu yake mezani, uso juu. Bwana wa mauzo akaiweka ya kwake pembeni yake. Mnunuzi akachelewa kidogo, akaitafuta mfukoni, akaifuta kioo kwa shati na kuiweka ya tatu.

Niliinama nikasoma. Dada alikuwa ameomba kuanza kuchanganya kabla asali haijachachuka. Jibu: "Sawa, endelea." Bwana wa mauzo alikuwa ameomba kupakia ndoo zote kavu. Jibu: "Sawa, endelea." Mnunuzi alikuwa ameomba gari liende Ipole Jumamosi alfajiri. Jibu lilikuwa lilelile, hata mkato ulikaa palepale. La kwanza liliingia saa 09:12, la pili 09:14, la tatu 09:15. Kwa dakika tatu Meneja alikuwa amekubali mambo matatu ambayo kila moja liliyaua mengine mawili.

Mimi nilidhani ugomvi ungeishia hapo, kwamba tungecheka, tukaona kuwa tumefanyiwa mchezo na kukaa chini kama watu wazima. Ikawa kinyume chake. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na maoni tu. Sasa kila mmoja alikuwa na kibali. Mnunuzi akadai kwamba ujumbe wa mwisho ndio unaofuta iliyotangulia, kama sheria mpya inavyofuta ya zamani, na wa mwisho ulikuwa wake. Dada akasema aliyetangulia kupewa ndiye mwenye haki. Bwana wa mauzo, ambaye ujumbe wake ulikuwa wa katikati na kwa hiyo hakuwa na sheria ya kuegemea, akaanza kuhesabu nani ameleta fedha nyingi zaidi katika kampuni tangu mwezi Januari. Tukapiga simu ya Meneja. Haikupatikana. Tukaipiga tena kwa laini nyingine, kana kwamba tatizo lilikuwa mtandao.

Katikati ya hayo dereva wetu, mzee aliyeendesha malori kabla baadhi yetu hatujazaliwa, akachungulia mlangoni na kofia yake mkononi. "Wanangu," akasema, "nimelipasha gari moto tangu saa moja. Linakwenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Alisubiri kwa muda ambao mtu mwenye adabu husubiri, akaenda kulizima, na tukamwona kupitia dirishani akitandika gunia chini ya mwembe.

Hapo ndipo mimi, mtunza ghala, niliyekuwa mkubwa kwao wote kwa umri, nilipofungua kinywa. Nilipendekeza tugawane. Nusu ya asali kavu, ndoo 45, ipakiwe. Nusu nyingine iingie kwenye tangi pamoja na zile 40. Na Fuso likirudi kutoka Dar es Salaam liende Ipole. Wote walikubali kwa haraka ambayo ilipaswa kunishtua. Nilijisikia mtu wa busara sana. Nilirudi ghalani nikipiga mluzi.

Yaliyofuata nayapita haraka. Mteja alipokea ndoo 45, akashukuru, na nusu iliyobaki ya agizo lake akampa mtu mwingine. Ipole alifika mnunuzi mwingine, si wetu, mwenye pikipiki ya matairi matatu na fedha taslimu, akachukua asali yote, ikiwa ndani ya ndoo zetu. Ndani ya tangi, ndoo 45 kavu na 40 zenye maji zilitoa wastani wa asilimia 19.6, jambo ambalo mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kulijua siku ileile ya Ijumaa, lakini hakuna aliyekokotoa kwa sababu sote tulikuwa tumechoka kugombana. Siku tatu baadaye dada wa ubora aliniita akanionyesha ukingo wa tangi. Palikuwa na povu jembamba, jeupe, lililojipanga kama ushanga, na harufu hii niliyoinusa jana. Baadhi ya zile ndoo 40 zilikuwa zimeanza kuchachuka kabla hatujazimimina. Asali yote ya tangi tuliiuza kwa akina mama wanaopika wanzuki, kwa bei ambayo mhasibu aliiandika kwa penseli.

Meneja alirudi siku ya kumi na moja na mikate ya kutugawia. Alisikiliza kila mmoja wetu kwa zamu yake, na kila mmoja alitoka akiwa ameambiwa kwamba ni kweli kabisa.

Kuna jambo ambalo sikulisema siku ile na sijalisema hadi leo. Jumatatu ile, kabla ya kupanda gari la kwenda stesheni, Meneja aliniita pembeni akanikabidhi bahasha iliyofungwa kwa pini. Ilikuwa na fedha za dharura, zinazotosha dizeli ya kwenda Ipole na kurudi na kubaki, pamoja na maneno haya: "Wewe ndiye mtu mzima hapa. Jambo likikwama, amua." Mpaka sasa sijui kama alikuwa amenipa madaraka au alikuwa amenitupia mzigo. Ninachojua ni kwamba Ijumaa ile, wakati simu tatu zimelala mezani na mzee wa watu amesimama mlangoni, bahasha ilikuwa kwenye droo yangu, hatua ishirini kutoka pale, na niliikumbuka. Niliona wazi kwamba nikiitoa, litakaloharibika litakuwa limeharibiwa na mimi. Nikasema tugawane.

Nilimrudishia bahasha ikiwa na pini yake. Aliipokea, akaitia kwenye mfuko wa koti, wala hakuniuliza kwa nini haikufunguliwa. Nadhani alielewa. Tulielewana sana mimi na yule bwana, kuliko nilivyopenda kukubali nilipokuwa nikimsema kwa wenzangu.

Binti yangu alikuwa bado amesimama na kindoo mkononi. Akataka kujua kama aimwage au airudishe kabatini. Nikamwambia amsubiri mama yake.